Barua ya hospitali inasema "aendelee na dawa", daktari wa familia anauliza: dawa zipi?

Mwanambele (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Baba yangu ana miaka 71. Amelazwa siku 9 kwa moyo kushindwa kusukuma damu vizuri. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vikakataa kuingia, na usiku alikuwa analala ameketi. Katoka Alhamisi iliyopita ana nafuu kubwa, tukapewa bahasha ya kumpelekea daktari wake wa familia.

Leo tumempelekea. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena, kisha akasema: "Hii inaniambia mzee alikuwa mgonjwa. Hilo nalijua, mimi ndiye niliyemwandikia rufaa. Mbona haisemi nimfanyie nini sasa?"

Nanakili ilivyo: "Moyo kushindwa kufanya kazi. Presha. Amepewa dawa ya kupunguza maji kwa sindano, amepata nafuu. Furosemaidi miligramu 40, vidonge 2 asubuhi. Spironolaktoni miligramu 25, kimoja. Aendelee na dawa. Aonekane baada ya wiki 2." Nyuma kuna kurasa 4 za majibu ya maabara na eksirei. Sahihi haisomeki, jina hakuna.

Kesho kutwa nataka kurudi wodini kuomba barua nyingine. Sitaki nifike pale nianze kubabaika. Barua ya namna hii inatakiwa iwe na nini hasa?

Sina Haraka

Mkuu, hiyo ni rahisi, mwambie daktari wa familia aandike mwenyewe siku za mapumziko. Mimi kazini walikubali hata karatasi ya zahanati, ilimradi ina muhuri.

Mwanambele

Siyo karatasi ya kazini ndugu yangu, mzee kastaafu zamani. Naulizia barua ya kitabibu, kutoka hospitali kwenda kwa daktari anayeendelea naye.

Sina Haraka

Aaa, basi samahani. Nilisoma "katoka" hospitali nikakimbilia ruhusa ya kazini. Nipo nasikiliza.

Kalamu Nyekundu

Jibu lipo wazi. Joint Commission ya Marekani, wale wanaokagua hospitali, wanataka muhtasari wa kuruhusiwa uwe na mambo 6: sababu ya kulazwa, mambo makubwa yaliyoonekana, matibabu na upasuaji uliofanyika, hali ya mgonjwa wakati anatoka, maelekezo kwa mgonjwa na familia, na sahihi ya daktari mhusika. Barua yako ina sababu, ina matibabu, ina hali, ina maelekezo, na sahihi ipo japo haisomeki. Mambo makubwa yako kwenye kurasa za nyuma. Kwa hiyo kwa kipimo hicho barua imekamilika, daktari wa familia anataka kutafuniwa tu.

Tabibu wa Kona

Kalamu Nyekundu, orodha umeitaja sawasawa, tatizo ni kwamba barua inaweza kutimiza yote 6 na bado isimsaidie anayeipokea. Mimi ni daktari wa familia, bahasha hizi nimezifungua miaka mingi. Ngoja niwaonyeshe kitu kimoja tu kwenye barua ya huyu mzee.

Mwanambele, kabla ya kulazwa mzee alikuwa anatumia dawa gani? Na uangalie kwenye zile kurasa za maabara kuna kreatinini, kile kipimo cha figo, na potasiamu za siku gani na gani. Usichapishe jina lake wala namba ya faili.

Mwanambele

Asante dokta. Kabla alikuwa na enalaprili miligramu 10 asubuhi na jioni, na furosemaidi 40 kimoja asubuhi. Halafu kuna ibuprofeni ya magoti, hiyo alikuwa ananunua mwenyewe, sidhani kama daktari wake aliijua.

Kreatinini siku ya kwanza 212, siku ya 4 ni 170, siku ya mwisho 141. Potasiamu ya siku ya mwisho 4.9.

Tabibu wa Kona

Sasa tazama. Mzee aliingia na enalaprili, barua imetoka bila enalaprili. Mimi nikiipokea nina maana mbili mkononi. Ya kwanza: wameisitisha makusudi kwa sababu figo ziliumia, na hiyo 212 inaniambia ziliumia. Ya pili: aliyeandika barua ameorodhesha dawa mpya tu, na kwa maneno "aendelee na dawa" alimaanisha za zamani zinaendelea kama kawaida.

Nikichagua maana ya pili kumbe ni ya kwanza, nitakuwa nimemrudishia enalaprili kwa dozi kamili juu ya spironolaktoni, huku figo hazijapona vizuri. Zote mbili zinazuia potasiamu isitoke kwenye mkojo. Potasiamu ikipanda sana, moyo unaanza kupiga ovyo na unaweza kusimama. Nikichagua ya kwanza kumbe ni ya pili, nimemnyang'anya mgonjwa wa moyo dawa ambayo ni miongoni mwa zinazomwongezea maisha. Na hata kama waliisitisha kweli, nani anairudisha, lini, figo zikifika wapi? Dawa nyingi za moyo hupotea hivi: zilisimamishwa kwa wiki moja kwa sababu nzuri, hakuna aliyeandika sababu, basi hazirudi tena.

Ndiyo maana ukiniuliza barua iwe na nini, nitakwambia kwanza dawa zigawanywe kwa yale yaliyotokea: zipi zimeanzishwa, zipi zimebadilishwa dozi, zipi zimesitishwa, zipi zimebaki zilivyo. Na mbele ya kila badiliko, sababu. Maneno matatu yanatosha. "Imesitishwa, figo ziliumia" ni maneno matatu.

Pilipili Hoho

Naongezea kwa faida ya mleta uzi: enalaprili na spironolaktoni HAZICHANGANYWI kamwe. Shangazi yangu alichanganyiwa akalazwa. Huyo aliyesitisha alikuwa sahihi na isirudi milele.

Tabibu wa Kona

Pole kwa shangazi, na hatari uliyoitaja ni ya kweli. Ila "kamwe" si kweli. Kwa moyo ulioshindwa, dawa hizo mbili huwekwa pamoja kwa makusudi, na wagonjwa wengi wanaishi nazo miaka. Sharti ni kupima damu. Ukianzisha spironolaktoni unapima potasiamu na kreatinini baada ya wiki 1, kisha wiki ya 4, kisha kwa vipindi. Potasiamu ikivuka 5.5 unapunguza dozi kwa nusu, ikivuka 6 unaisimamisha na kushughulika nayo siku hiyohiyo.

Na hapo ndipo barua ya huyu mzee imepungua kitu cha pili. "Aonekane baada ya wiki 2." Aonekane na nani? Afanyiwe nini? Kipimo cha damu kinachotakiwa baada ya wiki 1 hakijatajwa. Angekuja kwangu wiki ya pili, nimpime presha, nimpongeze miguu imepungua, aende zake.

Zamu ya Usiku

Naomba niwatetee wanaoziandika, maana ni sisi. Mimi ni daktari tarajali, hizi barua ni kazi yetu watu wa chini kabisa wodini.

Inavyokuwa ni hivi. Bingwa anapita asubuhi, anasema "huyu aende nyumbani". Hapo mgonjwa ameshaanza kukunja shuka. Una wagonjwa 6 wa kuruhusu, wengine hujawahi kuwaona kwa sababu zamu yako imeanza jana. Unafungua faili, unanakili utambuzi wa ugonjwa, unanakili karatasi ya dawa ya leo, unasaini. Karatasi ya dawa ya leo haionyeshi kilichosimamishwa siku ya 2. Enalaprili ilishafutwa kwa mstari kwenye karatasi ya wiki iliyopita, na ile karatasi iko nyuma kabisa. Nami nikiandika "aendelee na dawa" mara nyingi maana yake ni kwamba sijui alikuwa anatumia nini nyumbani, lakini naona haya kuandika sijui.

Tangu siku nilipopigiwa simu na daktari mmoja wa nje akaniuliza "dawa zipi?", nimebadilisha kitu kimoja. Naanza na karatasi ya kulazwa, si ya mwisho. Naziweka mbili sambamba, aliyoingia nazo na anayotoka nazo, na kila palipo na tofauti naandika kwa nini. Sababu ikinishinda namuuliza bingwa kabla hajaondoka. Inanichukua dakika 10 zaidi kwa mgonjwa. Siyo kila siku ninazo hizo dakika 10, nisiwadanganye.

Mama Watatu

Mimi nina langu, linafanana. Niliwekewa kimrija kwenye mshipa wa moyo baada ya mshtuko wa moyo. Barua ikasema aspirini na klopidogreli, basi. Daktari wangu akawa ananiandikia zote mbili kila nikienda, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikigusa meza nina alama ya damu chini ya ngozi, nikipiga mswaki fizi zinatoka damu. Siku moja akawa hayupo, akanipokea mwingine, akauliza "hii klopidogreli inaisha lini?" Tukatazamana. Alipowasiliana na walioniwekea kile kimrija wakasema ilikuwa ya miezi 12 tu, halafu aspirini peke yake iendelee.

Miaka miwili ya ziada, kwa sababu ya tarehe moja ambayo haikuandikwa. Namlaumu nani? Daktari wangu anasema hakuthubutu kuisimamisha dawa aliyoianzisha bingwa. Namwelewa pia.

Tabibu wa Kona

Mama Watatu, hata mimi nisingethubutu bila kuuliza. Dawa ya kuzuia damu kuganda ukiisimamisha mapema kimrija kinaweza kuziba, mtu akafa. Kwa hiyo bila tarehe, sote tunaegemea kuendelea. Dawa yoyote yenye mwisho iandikwe na mwisho wake: hizo mbili, za kuzuia damu iliyoganda mguuni, antibiotiki, na zile za tumbo za asidi ambazo mtu hupewa wodini kwa wiki moja akazinywa miaka mitano.

Bi Famasia

Mwanambele, mdogo wangu, hayo ya barua yataendelea, lakini mimi nina swali la haraka. Mzee sasa hivi, nyumbani, anameza nini? Usinijibu kutoka kwenye barua. Nenda kachukue mfuko wake wa dawa, umwage mezani, umwombe akuonyeshe anavyokunywa asubuhi na jioni.

"Aendelee na dawa" nimewahi kuona inasomwa na watu watatu kwa maana tatu. Aliyeiandika alimaanisha hizi mbili za juu. Daktari wa familia hajui. Na mgonjwa, ambaye hakuna aliyemuuliza, ana sanduku lake chini ya kitanda.

Mwanambele

Nimetoka chumbani kwa mzee sasa hivi. Sijui nianzie wapi.

Anakunywa vidonge 2 vya furosemaidi mpya, na kile kimoja cha zamani pia, kwa sababu "kile ni changu cha siku zote". Anakunywa spironolaktoni. Anakunywa enalaprili yake asubuhi na jioni, pakiti ilikuwa imebaki nusu. Na ibuprofeni amemeza juzi, jana na leo, maana magoti yamerudi tangu aanze kutembea.

Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu kwa ukali kidogo: "Karatasi imesema niendelee na dawa. Ninaendelea."

Bi Famasia

Sikia. Ibuprofeni isimame leo, hiyo haina mjadala, ndiyo inayoweza kuwa ilimwangusha tangu mwanzo: inashika maji mwilini na inabana damu inayoingia kwenye figo. Ukiiweka pamoja na enalaprili na dawa ya maji, figo zinapigwa kutoka pande tatu. Enalaprili ya jioni asiinywe mpaka uongee na daktari wake. Furosemaidi arudi kwenye 2 kama ilivyoandikwa. Asubuhi mapema mpeleke akapimwe potasiamu na kreatinini, usisubiri hizo wiki 2. Usiku huu akilalamika udhaifu wa ajabu wa misuli, mapigo kurukaruka au kuzimia, nendeni dharura moja kwa moja. Na mpigie daktari wake leo kama namba unayo.

Tabibu wa Kona

Naunga mkono kila neno. Mwambie daktari wake hayo uliyoyakuta mezani kabla ya kumpa karatasi yoyote.

Kalamu Nyekundu

Nakubali sasa. Nilikuwa nahesabu vichwa vya habari, sikuangalia kilichomo ndani yake.

Mwanambele

Mrejesho, ni siku mbili baadaye. Daktari wake alipokea simu usiku uleule. Asubuhi wamempima: potasiamu 5.7, kreatinini 168. Wakampima na moyo kwa ile mashine ya waya kifuani, haikuonyesha shida. Daktari kasitisha enalaprili kwa sasa, spironolaktoni kaipunguza iwe nusu kidonge, ibuprofeni marufuku, damu irudiwe baada ya siku 3. Mzee hana dalili yoyote, anatuona tunapiga kelele bure.

Halafu kampima uzito, kilo 71. Akaniuliza: "Alitoka wodini na kilo ngapi?" Sijui. Barua haisemi. Akatikisa kichwa. Sikuelewa kwa nini lile lilimsumbua kuliko hata potasiamu.

Pilipili Hoho

Mimi ningesitisha spironolaktoni yote. 5.7 si mchezo.

Tabibu wa Kona

Pilipili, hapo madaktari wawili wanaweza kutofautiana na wote wakawa na hoja, hasa kwa kuwa visababishi vingine viwili vimeshaondolewa na damu inarudiwa baada ya siku 3. Mwenye mgonjwa mbele yake ndiye anayeamua.

Kuhusu uzito. Mwanambele, kwa mgonjwa wa moyo aliyejaa maji, uzito wa siku anayotoka, baada ya maji kutolewa, ndio rula yangu. Kilo 71 peke yake haina maana. Kama alitoka na 68, basi ndani ya siku chache maji yamerudi kilo 3, natakiwa kuongeza dawa ya maji. Kama alitoka na 74, basi amekauka, zile furosemaidi 3 kwa siku zimemkamua na kreatinini iliyopanda inatokana na ukavu, natakiwa kupunguza. Namba ileile, uamuzi kinyume. Wodini walikuwa wanampima kila asubuhi, nina hakika kwa sababu ndivyo inavyofuatwa dawa ya sindano. Namba ipo. Haikupanda tu kwenye barua.

Na nyumbani mpimeni kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, kwa mizani ileile. Akipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, mpigieni daktari hata kama anajisikia vizuri.

Zamu ya Usiku

Ipo kwenye chati ya wauguzi, karibu na joto na presha. Ukienda wodini usimtafute daktari kwanza, mwombe muuguzi wa zamu akufungulie chati. Sisi madaktari chati ile hatuifungui tukiandika barua, hilo nakiri.

Mwanambele

Kweli kabisa! Muuguzi kanitafutia dakika mbili tu. Aliingia na kilo 78, asubuhi ya kutoka alikuwa 70.2. Daktari wa familia kasema basi 71 kwa mizani yake, na nguo, anahesabu yuko palepale, dozi ya furosemaidi haigusi.

Nikiwa pale nikasema ngoja nisome na hizi kurasa 4. Kwenye ukurasa wa 3, chini ya eksirei ya kifua, kuna maneno: "Moyo umepanuka. Maji kidogo kwenye mapafu. Kivuli upande wa kulia juu, picha irudiwe baada ya wiki 6." Na ukurasa wa 4: "Makohozi, kipimo cha haraka cha kifua kikuu: hasi. Kuotesha: majibu bado." Hii ni kawaida au nianze kuogopa?

Tabibu wa Kona

Usiogope, lakini umekuta mambo mawili yaliyopaswa kuwa ukurasa wa kwanza.

Kivuli inawezekana ni maji tu au maambukizi yanayopona, ndiyo maana wanasema rudia baada ya wiki 6, wakati maji yameshaisha na uone kama kimebaki. Kikibaki, lazima kitafutwe ni nini, kwa mtu wa miaka 71 hakiachwi. Lakini msoma picha amewaandikia watu wa wodini, na watu wa wodini wamemruhusu mgonjwa. Mimi nikiangalia kurasa 4 za namba na wagonjwa wengine 30 nje, naweza nisifike ukurasa wa 3. Kalamu Nyekundu alisema mambo makubwa yako nyuma; ndiyo, yako nyuma, na nyuma ni mahali pazuri pa kuficha kitu.

Makohozi ndiyo yananikera zaidi. Kuotesha vimelea vya kifua kikuu huchukua wiki, 6 hadi 8 kabla ya kusema kwa uhakika hakuna kitu. Mzee alitoka siku ya 9. Kwa hiyo majibu yatatoka mgonjwa hayupo, yatapelekwa wodi aliyolala, kwa daktari aliyeagiza, ambaye labda ameshahamia wodi nyingine. Na kipimo cha haraka kuwa hasi kunapunguza uwezekano, hakuuondoi.

Kalamu Nyekundu

Na nikiitazama ile orodha yangu ya mambo 6, majibu yanayosubiriwa hayamo. Hayana mstari wake.

Zamu ya Usiku

Hapa mnisaidie, maana tunabishana hata wodini. Majibu yaliyobaki ni jukumu la nani? Bingwa wetu anasema mgonjwa akishatoka na barua imeandikwa, daktari wa familia afuatilie.

Tabibu wa Kona

Bingwa wenu na mimi tutagombana. Aliyeagiza kipimo ndiye anayejua kwa nini alikiagiza, na maabara inamtambua yeye. Mimi nikipiga simu maabara naambiwa "wewe ni nani?" Aliyeagiza asome jibu, kisha aniandikie.

Bi Famasia

Dokta, nakuheshimu, lakini katika maisha halisi aliyeagiza kashaondoka. Tarajali wanahama kila baada ya miezi kadhaa. Ukisema "aliyeagiza" unamwachia mtu ambaye hayupo. Afadhali kwa daktari wa familia ambaye mgonjwa anamjua na atarudi kwake.

Tabibu wa Kona

Basi wanipe uwezo wa kuyapata majibu. Jina la kipimo, tarehe sampuli ilipochukuliwa, namba ya maabara, na simu ya kuulizia. Hawanipi hata jina la aliyesaini.

Mama Watatu

Na mgonjwa aambiwe pia jamani. Mimi ningeambiwa "miezi 12", ningehesabu mwenyewe.

Mwanambele

Kesho narudi kumwona daktari wa wodi, kanipa saa 8 mchana. Kuna anayeweza kuniandikia mfano wa barua ingekuwaje kwa mzee? Si ya kumpa aisaini, ya kumwonyesha tu.

Zamu ya Usiku

Nijaribu mimi, Tabibu atanisahihisha.

"Mgonjwa wa miaka 71, amelazwa siku 9. Moyo kushindwa ulizidi, inadhaniwa kwa sababu ya ibuprofeni aliyojinunulia. Figo ziliumia pia. Kreatinini kuingia 212, kutoka 141. Potasiamu kutoka 4.9. Uzito kuingia kilo 78, kutoka 70.2.

Imeanzishwa: spironolaktoni miligramu 25 kwa siku. Imebadilishwa: furosemaidi kutoka miligramu 40 kwenda 80 asubuhi, jumla kwa siku, si nyongeza. Imesitishwa kwa muda: enalaprili, figo ziliumia. Imesitishwa kabisa: ibuprofeni na jamii yake yote.

Tunakuomba wewe: upime potasiamu na kreatinini ndani ya siku 7 na tena wiki ya 4. Kreatinini ikitulia na potasiamu ikiwa chini ya 5, rudisha enalaprili kwa miligramu 2.5 mara mbili, na upime tena baada ya wiki 1 hadi 2. Eksirei ya kifua irudiwe wiki ya 6, kuna kivuli upande wa kulia juu.

Tunafanya sisi: kufuatilia makohozi yaliyooteshwa, tutakuandikia. Usiposikia kitu baada ya wiki 8, piga namba hii.

Mgonjwa na mwanawe wameambiwa: dawa zilizosimama, kupima uzito kila asubuhi, na kuhusu kivuli." Kisha jina linalosomeka.

Tabibu wa Kona

Hii ningeibusu. Nasahihisha moja: "inadhaniwa" iache, usiifute, maana nami nataka kujua mna hakika kiasi gani. Na ongeza presha ya siku ya kutoka, kwa sababu nikirudisha enalaprili kwa mtu mwenye presha ya 95 ataanguka bafuni. Mengine ya siku 9, nani alimwona siku ya 3, sindano ngapi, siyahitaji. Nikiyahitaji nitauliza.

Ila kwa hali ya sasa, potasiamu ilishafika 5.7, kwa hiyo mpango wa enalaprili utakuwa wa polepole zaidi. Daktari wake na wa wodi waongee kwa simu, barua peke yake haitoshi tena.

Mwanambele

Mrejesho wa mwisho kwa leo. Daktari wa wodi hakukasirika kama nilivyoogopa. Kasoma mfano, kafungua faili mpaka nyuma, kakuta ile enalaprili imefutwa kwa mstari siku ya 2 bila neno lolote pembeni. Kasema, "hata mimi nisingejua." Kaandika barua mpya ya ukurasa mmoja na nusu, kapiga simu kwa daktari wetu nikiwa nimekaa pale, na kaweka jina lake kwa herufi kubwa.

Potasiamu ya jana ni 5.1. Damu tena Jumatatu.

Kwenye makohozi kaandika "yafuatiliwe". Nikamuuliza na nani. Kasema atajaribu yeye, lakini mwisho wa mwezi anahama wodi, kwa hiyo nami nipige simu. Nimeweka ukumbusho kwenye simu wa wiki ya 6 na wa wiki ya 8.

Tabibu wa Kona

"Yafuatiliwe." Haya.

Sina Haraka

Nimekwenda kumwaga mfuko wa dawa za mama mezani. Kuna aina 11. Naanzisha uzi wangu.